Kibao cha maziwa: “pas du lait” ao “pas de lait”? Mteja anakataa kulipa

Brashi_Nyawera (Bukavu)
Jambo wote. Kazi yangu ni kuandika vibao na kuta za butike. Juma lililopita mama mmoja anayeuza maziwa ya ng’ombe, yale yanayoshuka asubuhi na madumu, aliniagiza kibao. Watu wamemchokesha, kila anayefika anauliza kama maziwa yake ni ya poda iliyokorogwa. Akaniambia niandike kwa Kifaransa, maana wateja wake wengi ni wa ofisini. Nikaandika:

NOUS NE VENDONS PAS DU LAIT EN POUDRE
MAIS DU LAIT DE VACHE

Yaani, hatuuzi maziwa ya poda, ila maziwa ya ng’ombe. Rangi haijakauka, akapita muzee mmoja aliyefundisha miaka mingi, akasimama, akasoma, akacheka. Akamwambia mama: “Hii ni kosa la darasa la tano. Baada ya *pas* ni *de*.” Sasa mama anasema hanilipi dola 20 zake mpaka nirudilie bure. Nauliza: nani ana haki? Na tena, kwa nini *du* inageuka *de* ukikanusha? Kiswahili chetu hakina hayo. Kuna maziwa, hakuna maziwa, maziwa ni yale yale.

Mwalimu_Kadutu
Mwanangu, huyo muzee si mimi, lakini nasema kama yeye. *Du, de la, de l’, des* zinataja sehemu ya kitu kisichohesabika ao wingi usiojulikana. *Je bois du lait.* Ukiingiza ukanushi, zote zinakuwa *de*: *je ne bois pas de lait.* Mbele ya vokali inakatwa: *pas d’eau*. Nimesahihisha hilo kwa bic nyekundu miaka 31. Rudilia kibao.

Chokochoko
Mimi swali langu: maziwa yenyewe ni ya poda ao si ya poda? Hapo ndipo wanunuzi wanataka jibu.

MamaSifa_Birere (Goma)
Mwalimu, ngoja kidogo, kanuni hiyo ilimwangusha binti yangu. Aliandika *je n’aime pas de poisson*, akakatwa pointi mbili. Nilipomuuliza, akaniambia: “Mama, si tulifundishwa pas ni de?” Mimi niliacha shule mapema, ninauza sambaza, sikuweza kumjibu. Sasa na mimi ninauliza: mbona hapo *de* ni kosa?

Mwalimu_Kadutu
Mama Sifa, kwa sababu binti hakuanza na *du*. Katika kukubali unasema *j’aime le poisson*, samaki kwa jumla, samaki wote wa dunia. *Le, la, les* haziguswi na ukanushi: *je n’aime pas le poisson*. Zinazoguswa ni *un, une, des* na *du, de la, de l’*. Kwa hiyo kwanza rudisha sentensi kwenye “ndiyo”, uone ilikuwa na nini, ndipo ukanushe.

MamaSifa_Birere
Asanti Mwalimu. Hilo la kurudi kwenye “ndiyo” hakuambiwa. Alipewa *pas* na *de* kama mtu na bibi yake.

Nyota_ya_Katuba (Lubumbashi)
Nimefundisha muundo wa lugha huku Lubumbashi kwa muda, naomba nimtetee fundi wa kibao. Mwalimu Kadutu, kanuni yako ni nzuri lakini ina mlango wa nyuma. Tazama hizi mbili:

*Ce n’est pas de lait.*
*Ce n’est pas du lait.*

Ya kwanza hakuna Mfaransa anayeisema, wala wewe huisemi. Mtoto akimwaga chokaa mezani, unasema *ce n’est pas du lait, c’est de la chaux*. *Pas* ipo, na *du* imebaki imekaa. Kwa nini? Kwa sababu huambiwi kwamba kitu hakipo. Kitu kipo, kiko mezani kinachuruzika. Unaloambiwa ni kwamba jina lake silo hilo.

Sasa rudi kwenye kibao. Mama hasemi “hapa hamna maziwa”. Anasema: tunauza, ndiyo, ila tunachouza sicho hicho, ni kingine. Ukanushi haukuangukia kuuza, umeangukia aina ya kitu. Ndiyo maana *pas du lait en poudre, mais du lait de vache* inapita. Hiyo *mais* ndiyo inayoishikilia *du*. Ukifuta mstari wa pili, *du* inabaki bila nguzo, na muzee wa barabarani anakuwa na haki.

Brashi_Nyawera
Dada Nyota, hapo umenipa dola 20 zangu!

Mwalimu_Kadutu
Pole pole. Kuhusu *être*, yaani “kuwa”, nakubali, nilisahau kulitaja, na ni kweli hata mtoto wa chekechea hakosei pale. Lakini *vendre*, “kuuza”, si *être*. Mwanafunzi akiniandikia *je ne vends pas du lait* katika ekzameni, sitakaa kutafuta kama moyoni mwake kulikuwa na *mais*. Nitapiga mstari.

Mfasiri_Himbi (Goma)
Ninafasiri ripoti za mashirika hapa Goma, na nina jaribio ninalotumia kila siku. Jaribu kuweka *aucun*, “hata moja”, ao *pas la moindre goutte de*, “hata tone”, mahali pa *pas de* ao *pas du*. Kama maana haikubadilika, weka *de*. *Nous n’avons pas de lait*: *nous n’avons aucun lait*, sawa, ni kile kile. Lakini *nous ne vendons aucun lait en poudre, mais du lait de vache* inaanza kuchechemea, maana *aucun* inafunga mlango na *mais* inataka mlango wazi. Ikichechemea, ujue *du* ina nafasi.

Kuna mfano wa zamani ambao walimu wa Kifaransa wanaupenda: *je n’ai pas de l’argent pour le jeter par les fenêtres*. Huyu mtu ana pesa! Anachokataa ni kuitupa madirishani. Sema *je n’ai pas d’argent*, na mufuko umekauka.

Chokochoko
Kwa hiyo mdeni wangu akiniambia *je n’ai pas de l’argent*, nimshike, anazo.

Mfasiri_Himbi
Ukimshika mdeni wa Birere kwa sarufi, utalala polisi wewe. Wengi wanasema *pas de l’argent* bila nia yoyote, ni mazoea tu.

Safari_Bagira
Mimi sikusoma sana lakini naona mko mnazunguka. Si ni suala la dume na jike? *Du* ni dume, *de la* ni jike, ukikanusha kitu hakipo, na kisichokuwapo hakina dume wala jike, basi inabaki *de*. Hata mtoto anaelewa.

Nyota_ya_Katuba
Ndugu Safari, umenichekesha, ila kuna kitu ndani. Kilichopotea ukisema *pas de* ni *le* na *la*, vipande vinavyosema “hiki hapa, ninachokitaja”. *Du* yenyewe ni *de* iliyomeza *le*. Kisichokuwapo hakionyeshwi kwa kidole. Lakini dume na jike hazina kosa: *je n’ai pas mangé de la soupe que tu as préparée* ina *la* hata baada ya *pas*, kwa sababu ile supu ipo chunguni, mimi tu sikuchota.

Sasa kuhusu swali la pili la fundi, kwa nini *de* na si kitu kingine. Hadithi inayopendwa zaidi ni hii. Zamani Kifaransa kilikanusha kwa *ne* peke yake. Ili kukaza, watu wakaongeza jina la kitu kidogo. Anayetembea: *il ne marche pas*, hakutembea hata hatua. Anayekunywa: *il ne boit goutte*, hakunywa hata tone. Anayekula: *mie*, hata chembe ya mkate. Na *point*, hata nukta. Sisi pia tunafanya hivyo, hata tone, hata chembe, hata punje. Kisha *pas* ikashinda wenzake, ikasahau kwamba ilikuwa hatua, ikaingia kila mahali. *Goutte* imebaki kwenye *je n’y vois goutte*, sioni kitu.

Sasa, jina la kipimo katika Kifaransa linafuatwa na *de* tupu: *un kilo de farine, une goutte de lait, beaucoup de lait*. Hausemi *un kilo de la farine* isipokuwa ni unga fulani. *Pas* ikarithi ile *de* ya kipimo. *Pas de lait*, kipimo chake ni sifuri.

Chokochoko
Hatua ya maziwa! Kumbe maziwa yanatembea, ndiyo maana yanafika sokoni yamechoka. Na hiyo *mie* mimi ninaijua, ni mpenzi wa kike. *Ma mie.* Dada usitudanganye na chembe za mkate.

Nyota_ya_Katuba
Ni maneno mawili, kaka. *Ma mie* ya mapenzi ilikuwa *m’amie*, rafiki yangu, watu wakaikata pasipo pake. *Mie* ya mkate mpaka leo ipo, ile nyama nyeupe laini ndani, ukishaondoa ganda.

Chokochoko
Basi zote mbili ni laini. Naendelea kusoma.

Muzee_wa_Kasongo
Salaam. Hadithi ya dada ni tamu lakini mimi naona jambo hili si la Wafaransa peke yao. Tuliosoma Kiarabu tunajua *min*, yaani “kutoka kwa, katika”, ndugu wa *de*. Ukitaka kusema hakuja mtu hata mmoja, unasema *ma ja’ani min ahad*. Katika kukubali hausemi *ja’ani min ahad*. Ile *min* inaingia na ukanushi. Waarabu hawakuwa na *pas* wala hatua ya kutembea. Basi labda chanzo ni kwamba ukitaka kukana kabisa, unakana hata sehemu ndogo kabisa, na neno la sehemu linajileta lenyewe.

Mfasiri_Himbi
Muzee, hiyo nzuri. Nami nina mwiba wa kumchoma Dada Nyota. Kama *de* inatoka kwa *pas* kwa sababu *pas* ilikuwa jina, mbona *il n’a jamais bu de lait*, hajawahi kunywa maziwa? *Jamais* haikuwa kipimo cha kitu. Na *personne n’a acheté de lait*, hakuna aliyenunua maziwa, *pas* haipo kabisa. Tena *sans acheter de lait*, bila kununua maziwa. Na mbaya zaidi: *je ne veux pas que tu boives de lait*, sitaki unywe maziwa. *Pas* imebaki mlangoni, *de* iko chumba cha ndani. Kilo yako ya unga haiwezi kufika mbali hivyo.

Nyota_ya_Katuba
Mwiba umeingia. Ndiyo, hapo hadithi ya kipimo inapungukiwa. Jibu la wanaoitetea ni kwamba *de* ilizaliwa karibu na *pas* na wenzake, ikazoea hewa ya ukanushi, kisha ikaenda popote hewa hiyo inapofika. Wengine wanasema hapana, *de* tangu mwanzo ni alama ya kitu kisicho na uhakika wa kuwapo. Mimi nilifundisha ya kwanza, na siku nyingine naamini ya pili.

Kuna jambo linalosaidia upande wa pili. Watu wanasema *vous n’auriez pas du lait ?* wakiomba dukani. Sentensi ina *ne*, ina *pas*, na bado *du*. Kwa sababu mnunuzi anatumaini yapo! Akisema *vous n’avez pas de lait ?*, keshaona rafu tupu na anahuzunika tu. *Pas* ni ile ile katika zote mbili, kinachotofautiana ni matumaini.

MamaSifa_Birere
Hilo ninalijua bila shule. Mteja akija na “hauna sambaza?” sauti inapanda, anataka kununua. Sauti ikishuka, anataka kwenda kwa jirani yangu.

Mwalimu_Kadutu
Dada, mimi naona mnafanya maji kuwa mazito. Mnajua tena *de* haihitaji ukanushi: *beaucoup de gens, de belles maisons, j’ai besoin d’argent*. Kifaransa hakitaki *de* mbili zifuatane. *J’ai besoin de* + *de l’argent*, sikio linakataa, moja inameza nyingine. Wanasarufi wa Port-Royal walikwisha kuliona hilo mwaka 1660. Jambo ni la sikio.

Nyota_ya_Katuba
Kwa *besoin d’argent* na kwa *beaucoup de gens* nakufuata, Mwalimu, maana *besoin* na *beaucoup* zinakuja na *de* yao. Lakini *vendre* haina *de*. Katika *nous ne vendons pas de lait*, *de* ya kwanza iliyomeza ya pili ilitoka wapi? Ukisema ilitoka kwa *pas*, umerudi kwangu kwenye kilo na tone.

Mwalimu_Kadutu
Hm. Nitalala nalo.

Safari_Bagira
Mimi bado niko na dume na jike.

Brashi_Nyawera
Wakubwa, nawasikia, lakini kuna shida mpya na ni ya kweli. Leo nilivuka barabara nitazame kibao kwa mbali. Mstari wa kwanza niliuandika kwa herufi kubwa za rangi nyekundu. Wa pili nafasi ilikuwa imeisha, nikaufinya chini kwa bluu, na neno EN POUDRE limekaa nyuma ya nguzo ya umeme. Anayepita na pikipiki anasoma NOUS NE VENDONS PAS DU LAIT. Mama anasema tangu kibao kipande, wateja wamepungua.

Chokochoko
😂😂😂 Mama analipa dola 20 kufukuza watu!

Mfasiri_Himbi
Hapo sasa hata Dada Nyota hawezi kukuokoa. Alisema *mais* ndiyo nguzo ya *du*, na nguzo yako haionekani kwa sababu ya nguzo nyingine. Mpita njia anapata ukanushi mtupu, na kwa ukanushi mtupu anatarajia *de*.

Geuza sentensi: *NOUS NE VENDONS QUE DU LAIT DE VACHE*.

Mwalimu_Kadutu
Himbi, sasa wewe unaweka *ne* halafu *du*?

Mfasiri_Himbi
*Ne… que* si ukanushi, Mwalimu, ni “tu”. Tunauza maziwa ya ng’ombe tu. Maziwa yapo, tena ndiyo pekee yaliyopo, basi *du* haina sababu ya kukimbia. Lakini ongeza *pas* ndani yake, *nous ne vendons pas que du lait*, na maana inageuka: tunauza maziwa na vingine pia. *Du* bado ipo, maana maziwa bado yapo.

Mwalimu_Kadutu
Hiyo ya mwisho sikuwahi kuiandika ubaoni. Kwa *que* pekee ulikuwa na haki, niliisoma haraka.

Nyota_ya_Katuba
Na chini ya kibao wengi wanataka PAS DE CRÉDIT. Hapo Mwalimu anashinda bila mechi. Usiandike *pas du crédit* hata mama akikubembeleza. Hakuna *mais* inayokuja, deni halipo, mlango umefungwa.

Muzee_wa_Kasongo
Akitaka ukali zaidi: *pas un franc de crédit*. Hiyo ndiyo *hata moja* ya kweli, *un* inarudi kwa makusudi ili kukaza.

MamaSifa_Birere
Na *de vache* je? Binti yangu yuko hapa nyuma yangu anasoma, anauliza kama ile nayo ni ya ukanushi.

Nyota_ya_Katuba
Mwambie hapana. Ile ni *de* ya “-a”, maziwa ya ng’ombe, inakaa pale pale hata ukanushe mara kumi. Na mwambie akiogopa kukosea ana pa kujificha: *en*. *Tu veux du poisson ? Non, je n’en veux pas.* *En* inameza *du* na inameza *de*, na mwalimu hapati pa kupiga mstari.

Mwalimu_Kadutu
Msimfundishe mtoto kujificha.

Brashi_Nyawera
Nimeandika upya jana jioni, mstari mmoja, herufi kubwa, mbali na nguzo: LAIT DE VACHE. Chini: PAS DE CRÉDIT. Nimeacha kila kitu kingine. Mama alinilipa dola 15, tano amekata za rangi. Muzee wa barabarani amepita tena leo asubuhi, amesoma polepole, hakucheka. Amemuuliza mama kama maziwa yapo.

Chokochoko
Alijibu nini? Sema alijibu kwa Kifaransa.

Brashi_Nyawera
*Il n’y en a plus.* Yalikuwa yameisha saa mbili.